Mashine Zilizolala Zinalipwa na Nani?

Katika msimu wa 1973/74 wakulima wa Tanzania walivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Sehemu kubwa ilisafirishwa kwenda India ikiwa na maganda yake, ikabanguliwa huko, na faida ya kubangua ikabaki huko. Serikali iliona hasara hiyo ikaamua kujenga viwanda nchini. Kwa mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, mitambo ya Kiitalia na ya Kijapani ilifungwa Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Tunduru na kwingineko, mpaka viwanda vikafika 12 vyenye uwezo wa kubangua jumla ya takriban tani 113,000 kwa mwaka.

Mitambo ilipokuwa inafungwa, mikorosho ilikuwa inatelekezwa. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mashamba yao, bei anayolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa unakausha maua kabla hayajatoa mabibo. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Hata kama kila korosho iliyookotwa mwaka huo ingepitishwa kwenye viwanda hivyo, isingetumia asilimia 18 ya uwezo wake. Baadhi ya viwanda havikuwahi kufanya kazi ya maana, na vingine baadaye viligeuzwa maghala.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha kilimo au cha siasa. Lakini ndani yake mna swali la uhasibu linalomkabili kila mwenye mashine, iwe ya kubangua korosho, ya kukoboa mahindi au ya kuchapa vitabu. Mashine ikifanya kazi kidogo kuliko inavyoweza, gharama ya ule muda inaolala iwekwe wapi? Iingizwe kwenye bei ya kilo chache zilizobanguliwa, au iandikwe peke yake ili mwenye kiwanda aione? Jibu linaweza kukuza biashara au kuiua, ingawa fedha zinazotoka mfukoni ni zile zile.

Hesabu moja, vigawanyo viwili

Tuchukue kiwanda cha mfano, cha kubuni lakini chenye tabia za kiwanda cha kweli. Hakinunui korosho, kinabangua za wateja kwa malipo ya kilo. Mteja analeta korosho ghafi, kiwanda kinazivukiza, kinazibangua, kinazikausha, kinamenya ngozi ya ndani, kinapanga madaraja na kufungasha.

Gharama zake ni za aina mbili. Zipo zinazofuata kazi: malipo ya wabanguaji wanaolipwa kwa kilo, nishati ya kuvukizia, mifuko na maboksi. Hizo ni shilingi 600 kwa kila kilo ya korosho ghafi. Korosho isipokuja, hazilipwi. Zipo pia gharama za kudumu, ambazo hulipwa mashine ikizunguka au ikilala: uchakavu wa mitambo na jengo, mishahara ya meneja, mafundi na wasimamizi wa zamu, walinzi, bima. Hizo ni shilingi bilioni 1.5 kwa mwaka.

Ili kujua kilo moja inagharimu kiasi gani, mhasibu lazima azigawe zile bilioni 1.5 kwa kilo. Hapa ndipo njia zinapoachana, maana kigawanyo si kimoja.

Njia ya kwanza ni kugawa kwa kiasi kinachotarajiwa. Mhasibu anauliza: mwaka huu tunatarajia kubangua tani ngapi? Meneja wa biashara anajibu tani 2,000. Bilioni 1.5 zikigawanywa kwa tani 2,000, kila kilo inabeba shilingi 750 za gharama za kudumu. Ukiongeza zile 600, kilo moja inagharimu shilingi 1,350.

Njia ya pili ni kugawa kwa uwezo halisi wa kiwanda, yaani kiasi ambacho mitambo na watu waliopo wanaweza kubangua katika mwaka wa kawaida kazi ikiwepo. Kwa kiwanda chetu ni tani 5,000. Sasa kila kilo inabeba shilingi 300 tu, na gharama yake yote ni shilingi 900.

Kilo ni ile ile, imepita kwenye mashine ile ile na mikono ile ile. Kitabu kimoja kinasema 1,350, kingine 900. Tofauti ya shilingi 450 haitokani na uzembe wa mbanguaji wala ubei wa nishati. Ni kodi ya mashine zilizolala, na njia ya kwanza imeitwisha kilo zilizobanguliwa.

Uwezo halisi hupimwaje?

Namba ya tani 5,000 haichomolewi hewani, wala haisomwi kwenye kibao cha mtengenezaji wa mashine. Tuseme mitambo yetu inabangua tani 1.25 kwa saa. Ikizunguka saa 24 kwa siku 365, itafika tani 10,950. Huo ni uwezo wa kwenye karatasi. Hakuna kiwanda kinachoufikia, na ukiutumia kama kigawanyo utajidanganya kwamba kila kilo ni rahisi sana.

Anza na kalenda. Siku 365, toa Jumapili 52, toa sikukuu 15, toa siku 28 za matengenezo makubwa ya mwaka. Zinabaki 270. Halafu kuna kusimama kwa muda mfupi mfupi: kusafisha, kubadilisha visu, kurekebisha ukubwa wa tundu korosho za daraja jingine zinapoingia. Kumbukumbu za karakana zikionyesha kwamba vipande hivyo vikijumlishwa vinafika siku 20, zinabaki siku 250. Kiwanda kina zamu mbili za saa nane, kwa hiyo siku moja ni tani 20, na mwaka ni tani 5,000.

Msomaji makini atauliza kwa nini zamu mbili na si tatu, wakati mashine haichoki. Sababu ni kwamba kile kinachogawanywa na kile kinachogawanya lazima viongee lugha moja. Zile bilioni 1.5 zimelipa wasimamizi na mafundi wa zamu mbili. Zamu ya tatu ingehitaji wasimamizi wengine, mlinzi mwingine, usafiri wa usiku. Gharama za kudumu zingepanda. Ukihesabu uwezo wa zamu tatu huku umelipia mbili, umegawa mkate ambao hujaununua.

Robert Kaplan na Steven Anderson, walipoandika mwaka 2004 kuhusu njia nyepesi ya kukokotoa gharama kwa muda, walisema asiyetaka kupima kwa undani anaweza kuanza na asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wa juu kabisa wa watu au mashine alizoziweka kazini. Kwa kiwanda chetu, siku 313 zisizo Jumapili kwa zamu mbili zingetoa tani 6,260, na asilimia 80 yake ni tani 5,008. Njia ya mkato na njia ndefu zimekutana, lakini si kila mahali zitakutana. Panapokatika umeme mara kwa mara au vipuri vinapoagizwa kutoka ng'ambo, kumbukumbu za karakana ndizo za kuaminiwa.

Jinsi bei inavyofukuza wateja

Sasa tuone hasara ya njia ya kwanza. Meneja anaongeza faida ya asilimia 10 juu ya shilingi 1,350 na kutangaza bei ya shilingi 1,485 kwa kilo. Sokoni wateja wanapata huduma hiyo kwa shilingi 1,100. Mteja mkubwa, mwenye tani 800, anaondoka.

Mwaka unaofuata matarajio ni tani 1,200. Gharama za kudumu hazijapungua hata senti, kwa hiyo bilioni 1.5 zinagawanywa kwa kilo chache zaidi: shilingi 1,250 kwa kilo. Jumla inakuwa 1,850, na bei mpya 2,035. Mteja mwingine wa tani 400 anafunga mizigo. Mwaka wa tatu zimebaki tani 800, na gharama inayoandikwa kitabuni kwa kila kilo ni shilingi 2,475 hata kabla ya faida.

Angalia kilichotokea. Hakuna aliyeiba, hakuna mashine iliyoharibika, wabanguaji hawajazembea. Kila mwaka mhasibu alifanya hesabu sahihi ya kugawanya, na kila mwaka hesabu hiyo ilimshauri meneja apandishe bei wakati hasa alipotakiwa kutafuta kazi zaidi. Kadiri kiwanda kinavyokuwa kitupu, ndivyo kinavyojiona ghali. Na kadiri kinavyojiona ghali, ndivyo kinavyozidi kuwa kitupu.

Dalili za ugonjwa huu zinaonekana mapema kwa anayejua pa kuangalia. Ya kwanza, gharama ya kilo inapanda mwaka hadi mwaka ilhali saa za kazi kwa tani, nishati kwa tani na korosho zinazovunjika hazijabadilika. Ya pili, kampuni inapoteza wateja kwa bei huku mashine zake zimesimama. Ya tatu, wakuu wa idara wanaanza kupeleka kazi nje kwa sababu "huko ni nafuu", nao hawajui kwamba sehemu kubwa ya gharama ya ndani itabaki palepale hata kazi ikihama.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1915 mhandisi wa Kimarekani Henry Gantt, yule ambaye jina lake limebaki kwenye chati za kupangia ratiba, aliwaeleza wahandisi wenzake kwamba viwanda vyao vilikuwa vinapakia gharama za mashine zilizosimama juu ya bidhaa chache zilizotengenezwa. Kwa maoni yake bidhaa inapaswa kubeba sehemu ya gharama inayolingana na sehemu ya uwezo wa kawaida iliyoutumia, basi. Kilichobaki ni gharama ya biashara, nacho kiondolewe kwenye faida ya mwenye kiwanda, kisiingizwe kwenye gharama ya bidhaa.

Taarifa mbili za mwaka mmoja

Turudi mwaka wa kwanza, kabla mteja hajaondoka. Tuseme meneja amekubali bei ya soko ya shilingi 1,100 na kiwanda kimebangua tani 2,000. Mapato ni shilingi bilioni 2.2. Gharama zinazofuata kazi ni bilioni 1.2, za kudumu bilioni 1.5. Hasara ni shilingi milioni 500. Hakuna njia ya uhasibu itakayoifuta.

Kinachotofautiana ni maelezo yake. Taarifa inayotumia kiasi kinachotarajiwa inasema hivi: kila kilo iligharimu 1,350, tuliuza 1,100, tumepoteza shilingi 250 kwa kila kilo. Mkurugenzi akisoma hayo atasema wazi kwamba wateja hawa hawafai, waongezewe bei au waondoke.

Taarifa inayotumia uwezo halisi ina mistari miwili. Wa kwanza: kila kilo iligharimu 900, tuliuza 1,100, tumepata shilingi 200 kwa kilo, jumla milioni 400. Wa pili: tani 3,000 za uwezo hazikutumika, kila kilo shilingi 300, jumla milioni 900. Toa milioni 900 kwenye milioni 400, unapata ile ile hasara ya milioni 500. Lakini mkurugenzi akisoma hii ataelewa kwamba wateja hawana kosa. Kinachokula fedha ni nafasi tupu, na swali analotoka nalo kwenye kikao ni jinsi ya kuijaza au kuiondoa.

Tuone kama ushauri huo ni wa kweli. Mfanyabiashara anakuja na tani 1,000 za ziada kwa bei ya shilingi 1,100. Kwa mujibu wa taarifa ya kwanza, kumkubali ni kuongeza hasara ya shilingi 250 kwa kilo. Kwa kweli, gharama za kudumu zimeshalipwa; kila kilo yake itagharimu 600 zaidi na kuleta 1,100. Zinabaki shilingi 500, mara kilo milioni moja, ni shilingi milioni 500. Ni mteja ambaye peke yake anafuta hasara yote ya mwaka. Anayefuata gharama ya 1,350 angemfukuza mlangoni.

Kuna sumu nyingine inayojificha pale kiwanda kinaponunua korosho zake chenyewe. Tuseme mwaka umefungwa na korosho zilizotokana na tani 400 za ghafi ziko ghalani hazijauzwa. Ukizithamini kwa shilingi 750 za gharama za kudumu badala ya 300, umeongeza thamani ya akiba kwa shilingi 450 kwa kilo, yaani shilingi milioni 180. Fedha hizo zilishapotea kwenye mashine zilizolala, lakini kitabuni zinaonekana kama mali iliyoko ghalani, na hasara inasogezwa mwaka ujao.

Kwa sababu hiyo kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2, kinachofuatwa Tanzania na Kenya, hakimruhusu mwenye kiwanda kutwisha akiba gharama zaidi kwa sababu uzalishaji umeporomoka au mtambo umelala. Gharama za kudumu hugawanywa kwa uwezo wa kawaida, yaani wastani unaotarajiwa kwa misimu kadhaa ya hali ya kawaida baada ya kutoa muda wa matengenezo, na kisichobebwa na bidhaa huandikwa kuwa gharama ya mwaka ule ule. Uwezo wa kawaida si lazima ulingane na uwezo halisi. Kiwanda ambacho kwa miaka mitano kimekuwa kikibangua wastani wa tani 3,500 kinaweza kutumia namba hiyo kwenye hesabu za kukaguliwa, huku uongozi ukitumia tani 5,000 kwenye hesabu zake za ndani. Mhasibu mzuri anaziweka zote mbili na anajua ipi ya kumpa nani.

Nafasi tupu ina mwenyewe

Mstari wa milioni 900 ukiachwa peke yake utakuwa jalala. Kila mtu atautazama, atasikitika, kisha kikao kitaendelea na ajenda nyingine. Thamani yake huja unapoufungua na kuuliza kila tani ililala kwa uamuzi wa nani.

Kwenye kiwanda chetu tani 3,000 zimegawanyika mara tatu. Tani 1,000 zipo kwa sababu mitambo huuzwa kwa ukubwa maalumu: bodi ilihitaji uwezo wa tani 4,000, mtambo uliopatikana ulikuwa wa 5,000. Hiyo ni shilingi milioni 300, na anayejibu ni bodi iliyonunua. Wala si lazima iwe kosa, kama bodi ilikusudia kukua ndani ya miaka michache.

Tani 500 zilipotea kwa mtambo kusimama kupita ule muda wa kawaida tulioukwisha kuutoa: boila iliharibika na kipuri kikachelewa. Hiyo ni milioni 150, na inamhusu mkuu wa ufundi. Sasa anayo namba ya kulinganisha na bei ya kuweka kipuri cha akiba stoo.

Tani 1,500, sawa na milioni 450, zilikosekana kwa sababu korosho hazikuja. Hapa tabia ya zao lenyewe inaingia. Korosho za kusini huvunwa kuanzia mwezi wa Oktoba, na mnada unakwisha baada ya miezi michache. Lakini korosho iliyokaushwa vizuri hutunzika ghalani kwa miezi mingi, kwa hiyo kiwanda kinaweza kubangua mwaka mzima ilimradi mteja awe na fedha ya kununua shehena kubwa msimu ukiwa wazi, na mahali pa kuihifadhi. Mashine zinazolala Juni, mara nyingi zimelazwa na mkopo uliokosekana Novemba. Anayejibu hapa ni idara ya biashara na ya fedha, na dawa yake inaweza kuwa ghala au mkataba na benki, wala si kuwahimiza wabanguaji waongeze kasi.

Kuna aina ya nafasi tupu ambayo haipaswi kubaki kwa mwenye kiwanda. Tuseme mteja anataka kiwanda kimwekee nafasi ya tani 600, isiguswe na mtu mwingine. Mwisho wa mwaka ameleta tani 400. Zile tani 200 zililala kwa ajili yake. Kiwanda kiliwakatalia wengine. Robin Cooper na Kaplan, walipoandika mwaka 1992 kutofautisha gharama ya rasilimali iliyotolewa na gharama ya rasilimali iliyotumika, walifungua njia ya kuuliza swali hilo la mwenye nafasi. Kwa viwango vyetu mteja huyo anadaiwa shilingi 300 mara kilo 200,000, yaani shilingi milioni 60, ziwe zimeandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Asipodaiwa yeye, watalipa wateja wengine bila kujua au atalipa mwenye kiwanda.

Hatari ya kuamini namba ndogo

Njia ya uwezo halisi ina mtego wake, nao huwanasa hasa wale walioipenda upesi. Meneja akiona gharama ni shilingi 900, anaweza kuongeza asilimia 10 na kutangaza bei ya shilingi 990 akidhani yuko salama. Tufanye hesabu. Kila kilo inabakiza 390 baada ya gharama zinazofuata kazi. Ili kufidia bilioni 1.5 anahitaji karibu tani 3,850, ambazo ni asilimia 77 ya uwezo. Akibaki na zile tani 2,000, atapata milioni 780 na kupata hasara ya milioni 720, kubwa kuliko ya kwanza.

Kwa bei ya soko ya shilingi 1,100, ambapo kila kilo inabakiza 500, tani za kufikia kutopata hasara ni 3,000. Kwa hiyo namba ya 900 inasema kilo inatumia kiasi gani cha kiwanda. Haisemi utoze kiasi gani. Bei inatokana na soko, na kando yake lazima pawe na hesabu ya tani ngapi zinahitajika ili bei hiyo ilishe kiwanda kizima. Anayeshusha bei kwa sababu kitabu kimesema gharama ni ndogo, bila kuwa na wateja wa kujaza nafasi, amebadilisha njia ya kufa tu.

Mtego wa pili ni wa nafasi isiyojazika kabisa. Uwezo halisi unachukulia kwamba kazi ingeweza kupatikana. Viwanda vya korosho vya miaka ya 1980 vilikuwa na uwezo zaidi ya mara tano ya mavuno yote ya nchi; hakuna meneja, hata awe hodari namna gani, angevijaza. Katika hali hiyo kuandika kila mwaka mstari mrefu wa uwezo usiotumika ni kumlaumu meneja wa leo kwa uamuzi wa miaka kumi iliyopita. Pale inapodhihirika kwamba mtambo hautapata kazi kwa miaka ijayo, thamani yake kitabuni ipunguzwe mara moja, sehemu isiyohitajika iuzwe, ikodishwe au ifungwe, na uwezo uhesabiwe upya kwa kilichobaki.

Hesabu hiyo mpya pia inahitaji uangalifu. Kiwanda chetu kikifunga zamu ya pili, uwezo utashuka hadi tani 2,500 na nafasi tupu itaonekana kupungua kutoka tani 3,000 hadi 500. Lakini kama wasimamizi wa zamu ile bado wanalipwa, hakuna kilichookolewa: bilioni 1.5 zimebaki, kigawanyo kimenyweshwa maji ya kunywea dawa. Uwezo unapopunguzwa kwenye karatasi, kuwe na mshahara, bima au mkataba uliopungua kwenye akaunti. Ukikuta uwezo umeshuka na gharama za kudumu hazijashuka, ujue mtu amesafisha takwimu.

Kwa mwenye kiwanda anayetaka kuanza, kazi ya kwanza haihitaji programu ya kompyuta. Achukue gharama za kudumu za mwaka uliopita, aketi na mkuu wa ufundi wakubaliane uwezo halisi kwa zamu zinazolipiwa, agawe. Kisha azidishe kiwango hicho kwa kilo zilizozalishwa, atoe kwenye jumla, na kilichobaki akipange kwa sababu zake, kila sababu na jina la cheo kinachoimiliki. Kiwango hicho akiache bila kukibadilisha mpaka gharama zenyewe au zamu zibadilike. Mauzo yakishuka mwakani, gharama ya kilo haitasogea hata shilingi. Utakaorefuka ni mstari wa nafasi tupu, nao utafika mezani kwa wale wenye mamlaka ya kutafuta wateja, kukopa, au kuuza mtambo.